Zoezi la Vikomo: Pale 0/0 Inapojitokeza

Kalkulasi, Mwaka wa Kwanza. Dakika 40, bila kikokotoo.

Anza kila swali kwa kuweka thamani ya x moja kwa moja. Ukipata 0/0, hilo si jibu, wala halisemi kwamba kikomo hakipo. Kuna kigawo kinacholeta sifuri juu na chini, kitafute.

Mfano A
lim x→3 (x² − 9)/(x − 3) = lim x→3 (x + 3) = 6
Tumefuta (x − 3) kwa haki: x inaikaribia 3 bila kuwa 3.

Mfano B
lim x→0 (√(x + 4) − 2)/x
Zidisha kiasi na asili kwa √(x + 4) + 2, yaani alama ya katikati imegeuzwa. Kiasi kinabaki x:
lim x→0 1/(√(x + 4) + 2) = 1/4
Usifungue mabano ya asili mapema. Wengi hupotelea hapo.

Maswali
1. lim x→2 (x² + x − 6)/(x − 2)
2. lim x→−1 (x³ + 1)/(x + 1)
3. lim x→9 (√x − 3)/(x − 9). Jaribu njia zote mbili.
4. lim x→1 (x² − 1)/(√(x + 3) − 2)
5. lim x→2 (x² + 4)/(x − 2). Je, hii ni 0/0 kweli? Eleza.

Majibu: 5, 3, 1/6, 8, la, ni 8/0, kikomo hakipo.