Barua ya Lishe kwa Mgonjwa Anayeruhusiwa: Chumvi na Maji
Wodi ya Wanawake, Kitengo cha Lishe
14 Mei 2025

Shikamoo Mama Rehema,

Leo unarudi nyumbani ukiwa na kilo 61. Ulipolazwa ulikuwa na kilo 66, na sehemu kubwa ya kilo hizo 5 yalikuwa maji yaliyojaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Moyo wako umechoka kusukuma damu, na chumvi ndiyo inayoyashika maji yasitoke. Tafadhali Rehema asome barua hii pia, kwa kuwa yeye ndiye anayepika.

Kiwango chako cha sodiamu ni miligramu 2,000 kwa siku. Hiyo ni sawa na chumvi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu, ukijumlisha na ile iliyomo tayari kwenye mkate na vyakula vingine vya dukani. Kwa hiyo jikoni chako kisizidi nusu kijiko kwa siku nzima. Rehema, mpakulie mama mchuzi wake kabla hujatia chumvi ya wengine, kisha mtilie chake kidogo. Chumvi ya mezani iondolewe kabisa.

Ng'onda, papa mkavu, achari, bisi za chumvi na vile vidonge vya kukolezea mchuzi, acha. Magadi nayo ni sodiamu, hata kama hayana ladha ya chumvi: maharage yalowekwe usiku kucha badala ya kutiwa magadi. Ladha itatoka kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na kotmiri. Usinunue chumvi mbadala inayouzwa kuwa ya wagonjwa wa moyo. Nyingi zina potasiamu, na ukichanganya na dawa zako inaweza kupanda hadi kukuhatarisha.

Vinywaji vyote kwa siku visizidi lita 1.5. Chai, uji, supu, maziwa, soda na maji ya kumezea dawa vyote vinahesabiwa. Asubuhi jaza maji chupa ya lita moja na nusu. Ukinywa kikombe cha chai, mimina kikombe hichohicho cha maji kutoka kwenye chupa, yatumike kwa kazi nyingine. Chupa ikiisha, umemaliza. Najua kiu itakusumbua hasa kwenye joto hili. Sukutua mdomo bila kumeza, au nyonya kipande cha ndimu.

Jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na kanga zilezile, na uandike daftarini. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikianza kuvimba, njoo siku hiyohiyo. Ukishindwa kupumua ukiwa umelala, usingoje kuche. Kidonge cha kukojoza usikiache wala usikiongeze mwenyewe.

Kliniki ni Jumatano, 28 Mei, saa 2 asubuhi. Njoo na daftari la uzito.

Mtaalamu wa lishe wa wodi