Nne na nusu

Picha aliipiga saa kumi jioni mlangoni mwa saluni, Tandika, jua likiwa limelegea. Rama alikuwa amejinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, akachonga ndevu, akajipaka spiriti hadi machozi yakamtoka. Alipiga picha 31, akabakiza moja.

Huko mtandaoni alikoipandisha ipewe alama kulikuwa na sharti: kabla hujaona alama zako, wape wenzako 20 alama, kuanzia 1 hadi 10. Hakuona taabu. Si nyuso za watu ndiyo kazi yake?

Akaanza. Saba. Tano. Huyu taa mbovu, nne. Huyu kanuna, tatu. Akaingia mteja, Rama akaiweka simu kando ya mashine, akanyoa, akapokea buku mbili, akaendelea. Kufika wa 15 alikuwa hatazami tena. Kidole kilikwenda chenyewe, kama cha kondakta anayehesabu chenji.

Zikaja zake: 4.5. Chini yake mtu ameandika, "Masikio yamefika kabla ya mwenyewe." Rama akacheka. Akasoma tena, hakucheka. Usiku alilalia ubavu, sikio moja limefichwa kwenye mto, utadhani gizani mle kulikuwa na mtu wa kumwona.

Siku mbili alivaa kofia ya sufi kazini. Kwa joto la Dar, na feni yenyewe inazunguka kwa kubembelezwa.

Siku ya tatu akaja Hemedi, muuza mitumba, mteja wa kila Ijumaa. Alikaa, akafungwa kitambaa shingoni.

"Kaka Rama, leo nichonge vizuri. Kuna mahali niliweka picha, wameniua."

"Picha gani?"

Hemedi akatoa mkono chini ya kitambaa, akamwonyesha simu. Ukuta wa buluu. Uso umekunjwa.

Rama alizima mashine.

"Mbona ulinuna hivyo?"

"Jino, kaka. Lilikuwa linaniua siku ile. Nililing'oa kesho yake."

Kichwa hiki Rama alikuwa akikinyoa mwaka wa pili sasa. Alilijua kovu lake nyuma ya sikio, alijua nywele za utosini zinaota kwa kuzunguka, ukizifuata vibaya zinaacha mabaka. Alijua kwamba mwenyewe akisikia mzaha huanza kutikisika mabega kabla ya kicheko kutoka, na hapo lazima uondoe wembe haraka. Alikuwa amempa tatu. Wala hakumtambua.

"Walinipa tatu nukta mbili," Hemedi alisema. "Hivi huwa wanaangalia nini?"

"Hawaangalii."

"We umejuaje?"

Rama hakujibu. Jasho lilikuwa limemfika kwenye nyusi. Akavua kofia, akaitundika kwenye msumari.

Hemedi akamtazama kupitia kioo, mabega yakaanza kutikisika. "Kumbe uko salama! Siku zote mbili mtaani tunasema Rama kapata mapunye."

"Tulia nisikukate," Rama alisema, akawasha mashine.