Maigizo ya simu kwa wahudumu wapya, dawati la tiketi na vifurushi, stendi ya mabasi ya Kange, Tanga

Slaidi za mafunzo zipo kwenye kompyuta ya ofisi kwa atakayetaka kuzipitia. Kuanzia zamu hii tunafundishia maigizo haya yaliyotokana nazo. Slaidi ya 5 inasema "Msikilize mteja, mwonyeshe kujali, mpe suluhisho", na hakuna aliyewahi kuibishia. Lakini mama anapopiga saa 3 asubuhi anafoka, mhudumu mpya hajui sentensi ya kwanza itoke vipi kinywani.

Wawili wakae wamepeana mgongo, maana kwenye simu uso hauonekani. Kadi ya mpigaji asiisome mhudumu. Jaribuni mara moja bila kuangalia majibu ya mfano, ndipo muyasome kwa sauti na kubadilishana nafasi. Majibu haya si ya kukariri. Anayezoea kusema "dada" aseme "dada". "Mpendwa mteja" tumeifuta kote. Tanga hii hakuna anayemwita mwenzake hivyo ila awe anataka kumuuzia kitu.

Igizo la 1: Deli la samaki (slaidi ya 5, 6 na 9)

*Kadi ya mpigaji.* Wewe ni mama wa Chumbageni. Alfajiri umeleta Kange deli la changu na kolekole liende Korogwe, kwa mdogo wako mwenye hitima leo. Basi limefika Korogwe, deli halimo. Mkatize mhudumu kila anapoanza. Mambo mawili usiyaseme mpaka uulizwe: umeweka barafu nyingi, na mapishi yanaanza saa 9 alasiri. Salio lako linakaribia kwisha.

MPIGAJI: Haloo! Nyie watu mna nini lakini? Deli langu liko wapi?

MHUDUMU: Shikamoo mama. Zuhura hapa, vifurushi Kange.

MPIGAJI: Marahaba ya nini! Nimeuliza deli! Watu Korogwe wanasubiri samaki, basi limekuja tupu!

MHUDUMU: Deli la samaki, la Korogwe. Nisomee namba iliyo juu ya risiti, mama, nilitafute sasa hivi.

MPIGAJI: Namba, namba! Mnanichezea shere? Risiti nimeiacha kwenye mkoba, na mkoba kaondoka nao binti.

MHUDUMU: Basi nitajie jina la mpokeaji, nitaliona kwenye daftari.

(Mpigaji anataja jina, huku anaendelea kulalamika. Mhudumu anaangalia daftari bila kunyamaza kimya: "Naangalia, mama… za saa 12… nimeliona.")

MHUDUMU: Mama, kosa ni letu. Deli limepakiwa kwenye basi la Dar badala ya la Arusha. Limeshapita Segera.

MPIGAJI: Yaa Rabi! Samaki wangu wanakwenda Dar kufanya nini?

MHUDUMU: Una haki ya kukasirika. Nijibu mawili tu nijue nakimbilia wapi. Barafu umeweka kiasi gani?

MPIGAJI: Barafu imejaa, mimi si mgeni wa samaki. Na salio langu hilo linakwisha!

MHUDUMU: Kata mama, nakupigia mimi sasa hivi.

(Anapiga papo hapo.)

MHUDUMU: Ni Zuhura, mama. Mapishi yanaanza saa ngapi?

MPIGAJI: Saa 9. Lakini mimi nilitaka wafike asubuhi!

MHUDUMU: Naelewa. Nitakalofanya ni hili: namtafuta konda aliteremshe Msata kwa wakala wetu, lipande basi letu linalotoka Dar kwenda Arusha. Safari ikienda vizuri litakuwa Korogwe mnamo saa 8. Siwezi kukuahidi kabla sijampata konda. Saa 4 kamili nakupigia, nimempata au sijampata.

MPIGAJI: Na wakiharibika?

MHUDUMU: Mdogo wako afungue deli mbele ya wakala wetu kabla ya kusaini. Wakiwa wameharibika asiwapokee, ajaze fomu ya madai palepale na apige picha. Dai nalipeleka mimi kwa msimamizi leo. Nauli ya mzigo unarudishiwa kwa vyovyote.

MPIGAJI: Saa 4 usipopiga nakuja hapo Kange na wanangu wote.

MHUDUMU: Nitapiga, mama.

Wakufunzi, simamisheni igizo hapa mwulizane. Wengi katika jaribio la kwanza husema "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu huo ulijitokeza wenyewe? Mtu wetu alipandisha deli basi lisilo lake, na mama anajua hivyo. "Kosa ni letu" ni maneno matatu na yanamnyima mpigaji sababu ya kuendelea kubishana nani alikosea. Wengine husema "Tulia mama". Jaribuni kumwambia mtu hivyo hata nyumbani mwone. Na yupo wa tatu, anayesema "Wapakiaji ndio waliokosea". Mteja hakulipa wapakiaji, alilipa kampuni.

Tazameni pia shikamoo. Ni neno moja, limetoka na tumeendelea. Habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto zina wakati wake, na wakati wake si huu.

Swali la saa ya mapishi ndilo limeokoa simu nzima. Mpigaji alitaka "sasa hivi", kumbe ana mpaka saa 9. Mhudumu asiyeuliza angeomba radhi dakika kumi na asingejua kwamba tatizo bado linatatulika.

*Sehemu ya pili ya igizo hili, saa 4 kamili.* Msiiruke. Hii ndiyo simu ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu mhudumu hana habari njema.

MHUDUMU: Mama, ni Zuhura, saa 4 imefika. Konda sijampata, simu yake haipatikani. Nimempata wakala wa Msata; yupo barabarani analisubiri basi alisimamishe.

MPIGAJI: Kwa hiyo hakuna kitu.

MHUDUMU: Bado hakuna, mama. Nakupigia tena saa 4 na nusu. Kama kabla ya hapo wakala ataniambia deli ameshalishika, nakupigia hapohapo.

MPIGAJI: …Haya. Nasubiri.

Wahudumu wengi wakikosa habari hawapigi, wanaona aibu. Mteja aliyeahidiwa saa 4 hukaa na simu mkononi; ikifika saa 4 na robo kimya, zile pole zote za mwanzo zimegeuka uongo.

Igizo la 2: Tiketi ya 08:00 (slaidi ya 11)

*Kadi ya mpigaji.* Wewe ni mzee wa Pangani. Tiketi ya Dar alikukatia mjukuu kwa simu, ukaonyeshwa meseji: 08:00. Umefika Kange saa 7 na nusu mchana, mapema kabisa, ukaambiwa basi limeondoka tangu asubuhi. Unaamini umetapeliwa. Unaongea polepole, hufoki, lakini huachii.

MPIGAJI: Kijana, mimi nimesafiri na mabasi tangu barabara ya Pangani haijulikani kwa lami. Basi kumwacha abiria kabla ya wakati sijapata kuona. Nakwenda LATRA.

MHUDUMU: Shikamoo mzee.

MPIGAJI: Marahaba.

MHUDUMU: LATRA ni haki yako, mzee, sikuzuii. Niruhusu kwanza niitazame tiketi. Imeandikwaje saa ya kuondoka?

MPIGAJI: Saa nane. Sifuri nane, sifuri sifuri. Macho ninayo.

MHUDUMU: Ndivyo ilivyoandikwa. Mashine yetu inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 08:00 yake ni saa 2 asubuhi. Tulipaswa kuandika na "saa 2 asubuhi" pembeni, hatukuandika.

MPIGAJI: Kwa hiyo mimi ndiye mjinga.

MHUDUMU: Hapana mzee. Uliwahi kwa saa uliyoandikiwa. Lipo basi la saa 9 alasiri leo hii, lina nafasi. Nakuwekea kiti cha mbele, hulipi tena. Umekaa wapi hapo stendi? Namtuma mwenzangu akuletee tiketi mkononi, imeandikwa saa kwa Kiswahili.

Anayecheka, hata kwa pumzi, anarudia igizo. Kubadilishiwa tiketi bila malipo kunahitaji idhini ya msimamizi wa zamu. Idhini iombwe huku mzee yuko kwenye simu, asiambiwe "piga baadaye". Na mkisikia LATRA ikitajwa msishtuke wala msianze kubembeleza. Ndiyo mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na abiria ana haki ya kulalamika kwake.

Igizo la 3: Mpokeaji asiye mpokeaji (slaidi ya 14)

*Kadi ya mpigaji.* Wewe ni kijana mwenye sauti ya haraka na heshima nyingi. Unataka kifurushi cha kompyuta kilichotoka Dar akabidhiwe dereva wa boda. Unajua jina la mpokeaji. Simu ya mpokeaji na kitambulisho huna. Ukikataliwa, lia umaskini, kisha tishia kumfukuzisha mhudumu kazi.

MPIGAJI: Dada yangu, simu imeibiwa jana Makorora, kitambulisho kilikuwa humohumo. Boda yupo hapo nje, mpe tu.

MHUDUMU: Pole kaka. Kifurushi hatutoi bila kitambulisho. Nampigia mtumaji kwa namba tuliyonayo, athibitishe nani atachukua.

MPIGAJI: Nitajie hiyo namba, nimpigie mwenyewe, itakuwa haraka.

MHUDUMU: Namba ya mteja siitoi. Mwambie boda asubiri au arudi.

MPIGAJI: Unajua mimi ni nani? Kesho huna kazi!

MHUDUMU: Nimekuelewa kaka. Nampigia mtumaji sasa.

Inaisha hapo, hakuna maelezo marefu. Kila sababu mnayoongeza ni mlango mwingine wa kubishania. Mkitaka kujua msingi, upo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila mpigaji hahitaji kuhubiriwa. Mteja akilalamika kwamba ametumiwa meseji ya kulipa "ada ya kutolea mzigo" kwa namba ya mtu, mwambieni asilipe, aitume meseji hiyo kwenda 15040.

Igizo la 4: Matusi (slaidi ya 16)

Hili halina kadi ndefu. Mpigaji anatukana, na anayeigiza aseme "tusi" badala ya tusi lenyewe, tunakaa na watu wazima humu ndani. Kufoka si matusi. Anayefoka anahudumiwa kama mama wa igizo la kwanza.

MHUDUMU: Kaka, mzigo wako naushughulikia. Matusi yakiendelea nitakata simu.

MPIGAJI: Tusi! Tusi!

MHUDUMU: Nakata sasa. Nikipata jibu la mzigo nitakutumia meseji.

Akikata, aandike kwenye daftari saa na namba ya risiti, amwambie msimamizi, na simu inayofuata apokee mwenzake.