Barua za Babu kwa Mdogo Wake

Mwalimu wa Kiswahili aliwapa kidato cha pili kazi ya likizo: tafuta habari ndefu, ifupishe kwa maneno yasiyozidi mia moja, maana isipotee. Wenzake Ndahani walikata hadithi za magazetini. Yeye alimwomba bibi kopo la barua.

Zilikuwa barua za marehemu babu, alizomwandikia mdogo wake aliyekuwa kibarua wa mkonge kule Korogwe. Mdogo mtu alipofariki, watoto wake walizirudisha Dodoma zikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Babu alisoma shule ya misheni. Herufi zake zimelala upande mmoja, na kila barua inaanza kwa salamu zinazofika mpaka kwa majirani. Salamu hizo Ndahani aliziruka zote.

Jioni bibi alikuwa uani akipepeta uwele. Ndahani akamsomea alichoandika:

"Mwaka 1971 babu alihama na familia yake kwenda kijiji cha ujamaa. Aliacha tembe, shamba la mtama na kaburi la baba yake zizini. Mdogo wake alimlaumu kwa kuliacha kaburi. Babu aliomba radhi."

Ungo ukasimama.

"Rudia hapo mwanzo."

"Mwaka 1971 babu alihama..."

"Nani alihama?"

"Babu."

"Babu yako hakuhama, mjukuu wangu. Lete barua yenyewe. Sasa nisomee yake, usinisomee yako."

Karatasi ilikuwa imechanika kwenye mikunjo, ikabidi aishike kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, tumehamishwa Jumatano. Lori lilikuja asubuhi na mtama haujavunwa wote. Paa la tembe wamelibomoa ili tusirudi. Nguzo nimeokoa nne."

"Si ni yale yale, bibi? Alitoka huku akaenda kule."

"Wewe ukitolewa darasani kwa fimbo, utakuja kuniambia umetoka?"

Ndahani hakujibu. Operesheni Dodoma aliijua kutoka darasani: watu waliokuwa wakiishi mbalimbali walikusanywa vijijini, ukame ukiwa sababu mojawapo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe akafyatua matofali na wanakijiji pale Chamwino. Hakuwahi kuwaza kwamba kwenye moja ya malori yale alikuwamo babu yake na nguzo nne.

Akazimwaga barua zote mkekani. Neno lile moja alilolibadilisha lilikuwa limeyavuta na mengine. Kwa kuwa aliamini babu alihama kwa hiari, alipofika kwenye "nisamehe" hakuendelea kusoma. Alijua tayari ni radhi ya kaburi. Sasa akaisoma sentensi hadi mwisho: "Nisamehe kwa kuwa habari zimekufikia kwa midomo ya watu kabla ya barua yangu." Radhi ilikuwa ya kuchelewa kuandika. Juu ya kaburi babu aliandika mstari mwingine kabisa: "Baba sikumwacha. Kila mwezi natembea mpaka kwake, nang'oa majani, narudi usiku."

Barua iliyomkamata zaidi ilikuwa ya mwishoni mwa 1973, baada ya TANU kuamua makao makuu yatoke Dar es Salaam. "Redio imesema serikali itahamia Dodoma," babu aliandika. "Wao watahama. Wamekaa kikao, wamekubaliana." Hapo Ndahani akaona kwamba mzee yule hakuwa akiandika ovyo. Maneno yote mawili alikuwa nayo, na kila moja alilipatia watu wake.

"Bibi, kijiji kilikuwa kibaya?"

"Shule tuliipata. Zahanati tuliipata. Mama yako amesoma pale, sikatai." Bibi akapuliza makapi. "Lakini babu yako hakuulizwa. Na mdogo wake alikasirika miaka, mpaka alipokuja mwenyewe akaliona tembe halina paa."

"Mbona babu hakuandika ni nani aliyewahamisha?"

"Barua zilipita mikono mingi. Aliyekuwa na akili aliandika lori limekuja, dereva hakumtaja."

Ndahani alifuta ukurasa mzima. Ili maneno yatoshe, aliondoa habari za ng'ombe na bei ya mkonge, ingawa alizipenda. Akaandika upya, akisoma kwa sauti ili bibi amkatize:

"Mwaka 1971 babu na familia yake walihamishwa kwa lori kwenda kijiji cha ujamaa, mtama wao ukiwa bado shambani. Paa la tembe lilibomolewa wasirudi. Mdogo wake alidhani ameliacha kaburi la baba yao kwa kupenda. Babu alimwomba radhi kwa kuchelewa kumwandikia tu. Kaburi aliendelea kulitunza kila mwezi kwa kwenda kwa miguu."

"Ongeza nguzo," bibi akasema. "Nguzo nne."

Akahesabu. Nafasi ilikuwapo.