Marko 7:1-23: Tabaka za Mabishano juu ya Mikono Isiyonawiwa

Kiini cha kifungu hiki, kwa maoni yangu, ni mstari wa 15: kitu kimwingiacho mtu hakimtii unajisi, bali kimtokacho. Ni msemo mfupi, wenye mizani, unaoweza kusimama bila kisa chochote. Yaelekea ulisimuliwa peke yake kabla ya kuunganishwa na ugomvi wa kunawa, ambapo Mafarisayo na waandishi wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa mikono.

Mkono wa mhariri unaonekana wazi katika mstari wa 3-4, ambapo simulizi linakatizwa ili kueleza desturi za Wayahudi, na katika mstari wa 11, neno Korbani linapofasiriwa. Msomaji Myahudi asingehitaji maelezo hayo. Basi Marko anawaandikia hasa watu wa Mataifa. Hata nukuu ya Isaya 29:13 inafuata zaidi Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, kuliko Kiebrania. Faragha ya nyumbani na wanafunzi (mstari wa 17) nayo ni mtindo wake.

Uzito uko mstari wa 19: "alivitakasa vyakula vyote". Kama Yesu angetamka hivyo waziwazi, mgogoro wa Petro na Paulo kule Antiokia juu ya kula pamoja na watu wa Mataifa (Wagalatia 2:11-14) ungekuwa mgumu kueleweka. Naichukulia kuwa tafsiri ya Marko.

Mathayo 15, akitumia Marko, anafuta maneno hayo pamoja na maelezo ya desturi, kisha anairudisha hoja kwenye kunawa mikono tu (15:20). Jumuiya yake bado iliishika Torati. Methali ya vipofu (15:14) imo pia katika Luka 6:39, hivyo huenda ilitoka Q, chanzo cha misemo ya Yesu kinachodhaniwa kutumiwa na Mathayo na Luka.