Maswali ya Watumishi Kuhusu Mfumo Mpya wa Kumbukumbu za Wagonjwa

Kwa watumishi wote: mapokezi, madaktari na matabibu, wauguzi, maabara, famasia, malipo, masijala na wodi zote.
Kutoka: Timu ya utekelezaji wa mfumo, kwa idhini ya Mganga Mfawidhi.

Ndugu watumishi, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti 2026 mgonjwa wa nje ataandikishwa, ataonwa, atapimwa na kupewa dawa kupitia kompyuta. Maswali yaliyo hapa chini ni yenu wenyewe, mliyouliza kwenye vikao vya asubuhi na wakati wa mafunzo. Yale yaliyojirudia sana tumeyajibu kwa kirefu.

Mfumo wenyewe ni upi, na kwa nini sasa?

Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo imekuwa ikitumika Eldoret, Kenya, tangu mwaka 2006 na baadaye katika nchi nyingi. Haulipiwi leseni kila mwaka, na mafundi wetu wanaruhusiwa kuurekebisha.

Kwa nini sasa, kila aliyewahi kusimama dirishani masijala anajua. Mama amebeba mtoto anayehema kwa shida, faili halionekani, na daktari anaanza upya kuuliza mtoto alilazwa lini na alipewa dawa gani. Mama hakumbuki jina la dawa. Anakumbuka kwamba ilimtoa mtoto vipele mwili mzima. Taarifa hiyo iliandikwa hapa hapa hospitalini. Tunataka daktari aione kabla hajaandika dawa.

Idara zote zinaanza siku moja?

Hapana. Tarehe 3 Agosti wanaanza mapokezi, vyumba vya madaktari wa wagonjwa wa nje, maabara, famasia na malipo. Wodi za wanaume, wanawake na watoto zinafuata tarehe 7 Septemba, kisha wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji tarehe 5 Oktoba. Kliniki ya CTC inaendelea na mfumo wake kama kawaida.

Mimi kompyuta siijui vizuri. Nikichelewesha foleni, itakuwaje?

Wiki mbili za kwanza kila kituo cha kazi kitakuwa na msaidizi aliyepata mafunzo ya ziada, na ratiba ya zamu imeongezewa mtu mmoja mapokezi asubuhi. Foleni itarefuka mwanzoni, na uongozi unalijua hilo. Hakuna mtumishi atakayeandikiwa barua kwa sababu ya kuandika polepole. Mazoezi yapo kila siku saa 8 hadi saa 10 mchana kwenye chumba cha takwimu, kwa wagonjwa wa kubuni, kwa hiyo hakuna cha kuharibu. Njooni, hasa ninyi mnaoona aibu kuuliza mbele za watu. Tunaweza kukaa na mmoja mmoja.

Mgonjwa akifika, namwandikisha moja kwa moja?

Mtafute kwanza. Tungekuwa na nafasi ya kubandika karatasi moja tu ukutani mapokezi, tungeandika hilo.

Mgonjwa akiandikishwa mara mbili, historia yake inakatika vipande viwili, na mzio ulioandikwa kwenye kipande kimoja hauonekani kwenye kingine. Majina yetu ndiyo yanayotega. Hadija leo anaandikwa Khadija kesho. Hamisi ni Khamis. Mwanahamisi anafupishwa kuwa Mwana. Kwa hiyo usiandike jina zima. Andika herufi tatu au nne za mwanzo, mfano `Had`, ukikosa jaribu `Khad`. Bado hujampata? Tafuta kwa namba ya simu, na ukiona majina yanayofanana linganisha kijiji, umri na jina la mama. Mwulize mgonjwa jina lake alitaje mwenyewe. Ukimwuliza "Wewe ni Hadija Salimu?" aliyechoka na mwenye homa ataitikia tu.

Ukigundua mgonjwa ana kumbukumbu mbili, usichague moja ukaiacha nyingine. Toa taarifa chumba cha takwimu tuziunganishe.

Mgonjwa asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa?

Weka umri wa kukadiria. Mfumo utauonyesha kuwa ni makadirio. Usimpe tarehe ya kubuni kama 1 Januari ukaiacha ionekane ya kweli, hasa kwa watoto, kwa sababu chanjo na dozi hutazamwa kwa miezi.

Namba ya mgonjwa ina herufi ndani yake. Si itatuchanganya?

Imetengenezwa ili isiwachanganye. Herufi B, I, O, Q, S na Z hazitumiki kabisa, kwa kuwa B hufanana na 8, O na 0, S na 5. Alama ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Ukikosea alama moja, mfumo unaikataa namba badala ya kukufungulia mgonjwa mwingine. Namba hii itaandikwa kwenye kadi ya mgonjwa. Mwelezeni kila mtu aitunze kadi, lakini asirudishwe nyumbani kwa kuisahau.

Dharura ikija, tunaandikisha kwanza?

Hapana! Mgonjwa anahudumiwa kwanza. Kuna kitufe cha kumwandikisha mgonjwa asiyejulikana kwa jinsia na umri wa kukadiria tu. Taarifa nyingine zitajazwa akishatulia au ndugu wakifika. Utaratibu wa misamaha haujabadilika pia: wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza wanawekewa alama ya msamaha mapokezi, wasipelekwe dirisha la malipo.

Mfumo utanizuia nikiandika kipimo kisicho sahihi?

Baadhi tu, na hapa tunaomba umakini. Ukiandika joto 385 badala ya 38.5 utakataa, kwa sababu hakuna binadamu mwenye joto hilo. Lakini mtoto wa kilo 8.5 ukimwandikia 85, mfumo unaweza kukubali, maana watu wa kilo 85 wapo. Dozi nyingi za watoto hupigwa kwa kilo, na kosa la nukta moja linazidisha dawa mara kumi. Muuguzi anayepima uzito asome tena namba aliyoiandika kabla ya kubonyeza kuhifadhi. Daktari amtazame mtoto aliye mbele yake, aitazame na namba. Famasia, mkiona dozi ya mtu mzima kwa mtoto, pigeni simu chumba cha daktari kabla ya kutoa. Kompyuta haiwaondolei wajibu huo ninyi watatu.

Nikikosea, naweza kufuta?

Unaweza kubatilisha, lakini hakuna kinachofutika. Taarifa iliyobatilishwa huondoka kwenye ukurasa wa mgonjwa na kubaki ndani ya mfumo pamoja na sababu uliyoandika, jina lako na saa. Ni sawa na kupiga mstari mmoja juu ya kosa kwenye faili na kutia sahihi, kama tulivyofundishwa wote. Sahihisha mara unapogundua, na sababu iwe ya kueleweka: "uzito umeandikwa kwa mtoto mwingine" inatosha, "kosa" haitoshi.

Kwa hiyo mnatufuatilia?

Mfumo unaandika nani amefungua kumbukumbu ya nani, na saa ngapi. Hatutautumia kuhesabu mtumishi ameona wagonjwa wangapi kwa saa. Tutautumia pale mgonjwa anapolalamika kwamba siri yake imetoka nje, au matibabu yanapohitaji kuchunguzwa.

Hospitali yetu ni ya mji mdogo. Mgonjwa ni jirani, ni shemeji, ni mwalimu wa mtoto wako. Kufungua kumbukumbu ya mtu usiyemhudumia ni kosa, hata kama hukumwambia yeyote ulichosoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Usipige picha skrini kwa simu yako, hata kwa nia ya kuomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp la madaktari. Anayehitaji ushauri aeleze tatizo bila jina, bila namba na bila picha ya skrini.

Zamu ikiwa na watu wengi, tunaweza kutumia neno la siri la mmoja?

Hapana. Dawa iliyoandikwa kwa jina lako ni yako, hata kama vidole vilikuwa vya mwenzako. Tunajua kwamba usiku mnaachiana kompyuta wazi kwa sababu kuingia upya kunachukua muda, kwa hiyo tumepunguza hatua: jina la mtumiaji, neno la siri, idara, basi. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wana akaunti zao, na wanachoandika hakiwi maagizo mpaka msimamizi wao akithibitishe. Ukisahau neno la siri, utapewa jipya saa yoyote, usiku pia.

Umeme ukikatika? Intaneti ikikata?

Intaneti haihitajiki kwa kazi ya kila siku. Seva ipo hapa hospitalini na kompyuta zimeunganishwa kwa nyaya za ndani. Kinachohitaji intaneti ni uhakiki wa kadi za NHIF na kutuma taarifa za mwezi.

Umeme ukikatika, seva ina betri ya akiba ya kuitosha mpaka jenereta iwake. Mfumo ukizimika zaidi ya dakika 15, msimamizi wa zamu atatangaza kurudi kwenye karatasi. Kila idara ina bahasha nyekundu yenye fomu za dharura. Jazeni hizo, msitumie vipande vya karatasi, kwa sababu aliyejaza ndiye atakayeziingiza kabla ya kumaliza zamu na atahitaji kuusoma mwandiko wake. Kwenye mfumo mtaweka saa ambayo huduma ilitolewa, si saa ya kuingiza.

Mafaili ya zamani yatatupwa?

Hayatatupwa. Yanabaki masijala na daktari anaweza kuyaomba. Hatutaingiza kila karatasi. Mgonjwa wa zamani akija, daktari ataingiza mambo manne: mzio, magonjwa sugu, dawa anazotumia sasa na upasuaji aliowahi kufanyiwa.

Vitabu vya MTUHA je?

Vinaendelea kujazwa, kitabu cha 5 kwa wagonjwa wa nje, cha 14 kwa waliolazwa na vingine vyote. Ni kazi mara mbili, na tunaona uzito wake. Mwisho wa kila mwezi tutalinganisha hesabu za vitabu na za mfumo; zikishalingana na tukapata kibali cha halmashauri, ndipo tutazungumza kuhusu kuviacha. Taarifa za DHIS2 zitatoka kwenye vitabu mpaka wakati huo.

Sisi wa masijala, kazi zetu zinaisha?

Hakuna anayepunguzwa. Watumishi wa masijala ndio watakaosimamia uandikishaji na kuunganisha kumbukumbu zilizojirudia, kwa sababu hakuna anayezijua familia za hapa na majina yao kama wao. Wameanza mafunzo kabla ya idara nyingine kwa sababu hiyo hiyo.

Likitokea tatizo, namwambia nani?

Kwanza msaidizi wa kituo chako, kisha simu ya ndani 114, ambayo itapokelewa saa 24 mpaka mwisho wa Oktoba. Sema uko idara gani, ulikuwa unafanya nini na skrini imeandika nini. Usitaje jina la mgonjwa kwa sauti dirishani. Kama tatizo linagusa usalama wa mgonjwa, kwa mfano majibu ya maabara yametokea kwa mtu mwingine, acha kutumia kumbukumbu hiyo, mjulishe daktari wa zamu papo hapo, halafu piga 114.