Barua ya mgawo wa wimbo "Chumvi ya Kisiwani"

Sinza, Dar es Salaam
14 Machi 2025

Dada Mwanaidi,

Habari za Tanga? Natumaini nyumbani hawajambo.

Miksi ya mwisho ninayo. Kabla sijaupeleka wimbo kwa msambazaji, naomba tuweke mgawo kwenye maandishi, maana hela zikishaanza kuingia kila mtu huikumbuka siku ya kutunga kwa namna yake.

Kuna vitu viwili hapa: utunzi, yaani maneno na melodia, na rekodi iliyotoka studio. Fedha zake hazipiti njia moja, kwa hiyo asilimia zake tusizichanganye.

Kwenye utunzi, maneno nimeyapa 50 na melodia 50, kisha nikasikiliza upya sauti zote tulizorekodi kwenye simu. Beti zote tatu ni zako, ukiacha mistari minne ya ubeti wa pili. Kiitikio nilikiandika mimi, ila mstari wake wa mwisho uliubadilisha wewe, na ndio unaobaki masikioni. Maneno basi: wewe 35, mimi 15. Melodia ya beti na kiitikio ni yangu. Ya kile kipande cha kabla ya kiitikio cha mwisho ni yako. Halafu kuna Juma. Tulimlipa shilingi 400,000 za biti, lakini hiyo ilikuwa kazi ya studio. Zile noti saba za kinanda anazofungulia ni utunzi: zinaimbika, na ukizitoa wimbo unapoteza sura. Ngoma na besi sikuzihesabu huku. Melodia: mimi 28, wewe 12, Juma 10.

Jumla ya utunzi: wewe 47, mimi 43, Juma 10. Mrabaha wa utunzi ukiwa 1,000,000, unapata 470,000, mimi 430,000, Juma 100,000. Najua wengi hugawana sawasawa ili kukwepa hesabu, lakini hapa wewe ungepunjwa.

Rekodi imegharimu 1,200,000 pamoja na biti; mimi nilitoa 900,000, wewe 300,000. Napendekeza mapato ya kwanza ya rekodi yarudishe gharama hizo, robo tatu kwangu na robo kwako. Baada ya hapo wewe mwimbaji 55, mimi 35, Juma 10. Rekodi ikiingiza 2,000,000, zinazobaki baada ya gharama ni 800,000: zako 440,000, zangu 280,000, za Juma 80,000. Malipo ya kupanda jukwaani ni yako peke yako.

Sehemu inayoharibu watu ni usajili. Ule mgawo unaojazwa kwa msambazaji hulipa rekodi tu; ukiishia hapo, haki ya utunzi haijadaiwa. Kwa hiyo wimbo tuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa fomu moja, tukiwa na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, la kisanii likiandikwa pembeni. Tusisajili kila mtu kivyake: wewe ukiandika 50 nami 60, jumla inapita 100 na malipo yanaweza kuzuiwa hadi tukubaliane. Hakimiliki yenyewe haitokani na usajili, huanza kazi inapotungwa. Usajili ni ushahidi. Zile sauti za simu usizifute, na mimi nimezihifadhi na tarehe zake.

Rekodi itapewa namba ya ISRC, ile inayoitambulisha rekodi popote inapochezwa. Tukitoa toleo jingine, hilo lipate ISRC yake, ila utunzi unabaki uleule. Akija rapa na ubeti mpya, sehemu yake itoke kwetu sote watatu kwa uwiano wetu, na kwa toleo hilo tu. Matangazo ya biashara, ya siasa, au kubadilisha maneno vihitaji idhini ya maandishi yako na yangu. Tupeane siku 7 za kujibu, na ukimya usihesabiwe kuwa ni kukubali.

Jambo la mwisho ni warithi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ya watunzi wa pamoja hulindwa hadi miaka 50 baada ya kufariki yule wa mwisho wao. Tuandike mapema nani atapokea fungu la kila mmoja. Mimi nimemwandika mke wangu.

Pale unapoona nimekupunguzia, hasa kwenye melodia ya beti, niambie mstari kwa mstari tusikilize pamoja. Juma nimemwonyesha fungu lake tu, naye ameridhika. Ukikubali, tutasaini nakala tatu mbele ya shahidi mmoja wako na mmoja wangu. Nakuomba jibu kabla ya tarehe 28 Machi. Hadi hapo sipakii chochote.

Nduguyo katika kazi,
Salim